Jina la Maziwa: Somo kwa Wasindikaji Wadogo, kwa Mfano wa Mkwiro

Mteja anayesimama mbele ya friji ya duka pale Ukunda hana muda mrefu wa kuchagua. Anaona pakiti za kampuni kubwa zilizotoka mbali, na kando yake chupa ndogo yenye lebo asiyoizoea. Kabla hajanyoosha mkono anajiuliza mambo mawili: maziwa haya ni ya lini, na ni ya nani? Kampuni kubwa imeshayajibu maswali hayo kwa miaka mingi ya matangazo. Msindikaji mdogo hana fedha za matangazo. Ana jina tu, na jina hilo lina nafasi ya kusomwa mara moja.

Wafugaji wengi huliacha jina hadi siku ya kuchapisha lebo, kisha huchukua la kwanza linalowajia. Makosa yake huonekana baadaye, wakati lebo elfu moja zimeshalipiwa: jirani ameiga jina na sheria haimzuii, au wateja wanalitamka vingine, au jina linaahidi jambo ambalo maziwa yenyewe hayawezi kulitimiza. Somo hili linaeleza namna ya kulichuja jina kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Ili mambo yawe wazi, tuchukue kikundi cha mfano kilicho Mkwiro, upande wa mashariki wa Kisiwa cha Wasini. Kikundi hiki ni cha kufikirika, lakini hali yake ni ya kweli. Kisiwa ni cha mwamba wa matumbawe, hakina mto, na wakazi wanategemea sana maji ya mvua. Malisho ni haba. Kwa hiyo tuseme kikundi kina ng'ombe wachache kisiwani, na maziwa mengine kinayanunua kwa wafugaji wa bara, upande wa Shimoni. Kwa siku kinapata lita 60. Lita 40 zinauzwa kama maziwa freshi, na 20 zinafanywa yogati. Soko lake ni Shimoni, Msambweni na Ukunda, na kila chupa inavuka bahari kwa boti kabla ya kupanda gari.

Wengine walivyofanya

Mfano wa karibu uko ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga. Tanga Fresh ni kiwanda kilichoanza miaka ya 1990 mjini Tanga, na ushirika wa wafugaji wa huko ni miongoni mwa wenye hisa. Jina lake lina maneno mawili tu: la kwanza linasema maziwa yametoka wapi, la pili linasema yako katika hali gani. Mnunuzi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini jina hilo linafaidika na jambo ambalo kijiji hakina: Tanga ni mji unaojulikana na kila mtu, na maziwa yake hukusanywa kwa wafugaji wa mkoa huo huo.

Huko Githunguri, Kiambu, ushirika wa wafugaji ulioundwa mwaka 1961 ulianza kusindika maziwa yake wenyewe mwaka 2004. Haukuandika neno la Kiingereza la ubichi jinsi lilivyo, bali uliligeuza likawa Fresha. Sikio linapata maana ileile, lakini neno ni la kubuniwa, halikuwa likitumiwa na kila muuza maziwa. Tofauti hiyo ndogo ina uzito mkubwa mbele ya sheria, kama tutakavyoona.

Mfano wa tatu ni wa KCC, iliyoanzishwa mwaka 1925. Ilipitia misukosuko mikubwa, na serikali ilipoifufua mwaka 2003, herufi zile tatu hazikutupwa. Liliongezwa neno moja tu mbele yake, ikawa New KCC. Wakurugenzi na wenye mali walikuwa wamebadilika, lakini jina lilikuwa bado na thamani kwa watu waliolinywa tangu utotoni. Jina la chakula huweka akiba ya imani kidogo kidogo. Ndiyo maana ni vigumu kulibadilisha baada ya miaka mitano, na ndiyo maana lichaguliwe kwa utulivu mwanzoni.

Ahadi ambayo maziwa yanaweza kuitimiza

Kabla ya kuandika majina, kikundi kinapaswa kuandika safari ya maziwa yake, saa kwa saa. Tuseme ng'ombe wanakamuliwa kabla ya jua kuchomoza. Maziwa yanafika kwenye chumba cha kusindika kabla ya saa mbili, yanapimwa, kisha yanapashwa moto hadi nyuzi 63 za selsiasi na kushikiliwa hapo kwa dakika 30 ili kuua vijidudu vya maradhi. Baada ya hapo yanapozwa haraka hadi karibu nyuzi 4, yanajazwa kwenye chupa safi, na yanasafirishwa ndani ya kasha lenye barafu. Yakihifadhiwa hivyo, baridi isikatike, maziwa hukaa siku chache. Yogati iliyotengenezwa kwa usafi hukaa zaidi, mara nyingi wiki mbili au karibu.

Orodha hiyo ndiyo inayoonyesha neno gani ni la kweli. Katika Kiswahili cha dukani, maziwa freshi ni yale ambayo hayajagandishwa, ili kuyatofautisha na maziwa lala. Lakini maziwa mabichi ni yale ambayo hayajachemshwa. Msindikaji anayeandika “mabichi” akikusudia kusema ni ya leo, anamwambia mama mwenye mtoto mdogo kwamba maziwa hayajapashwa moto. Mama huyo atayaogopa au atayachemsha upya, na yote mawili yanaharibu kazi iliyofanywa.

Kwa upande wa yogati, ugumu ni mwingine. Yogati ni maziwa yaliyogandishwa kwa makusudi, kwa vimelea viwili maalumu vinavyofanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 43 au karibu na hapo. Ubora wake kwa mteja ni unene laini na uchachu wa kiasi, wala si kukamuliwa leo. Jina linalosisitiza “leo” au “sasa hivi” litakaa vizuri kwenye chupa ya maziwa lakini litakuwa la uongo kwenye kikombe cha yogati chenye siku kumi. Kikundi kidogo hakiwezi kulea majina mawili. Kwa hiyo jina linalotafutwa ni moja, linalobeba bidhaa zote mbili bila kudanganya.

Majina sita kwenye meza

Tuseme wanachama wa kikundi chetu wamekaa barazani na wamependekeza majina sita. Tuyapitie moja moja, kwa sababu kila moja lina funzo lake.

La kwanza ni Maziwa Freshi Mkwiro. Linaeleweka mara moja, na watu wa Shimoni wataona fahari. Lakini halina neno hata moja ambalo ni la kikundi. Maziwa ni ya wote, freshi ni ya wote, na Mkwiro ni ya Wamkwiro wote. Mtu mwingine kijijini akianza kesho na jina Mkwiro Maziwa Freshi, mteja hatatofautisha, na maziwa yake yakiharibika, lawama itawafikia wote wawili. Tena, kwa mgeni wa hoteli za Diani, Mkwiro ni mahali pa uvuvi, pomboo na hifadhi ya Kisite-Mpunguti. Akiliona jina hilo kwanza, anaweza kuwaza samaki kabla ya kuwaza maziwa.

La pili ni Umande. Ni neno tamu, nalo linaleta picha ya asubuhi. Hata hivyo umande ni maji. Lalamiko kongwe kuliko yote dhidi ya muuza maziwa ni kwamba ametia maji, na hakuna sababu ya kulikumbusha kwenye lebo. Kwa sababu hiyo hiyo, Kisima, Chemchemi na Mvua hayafai maziwa hata kama yangefaa maji ya chupa.

La tatu ni Leo Leo. Limeshajibiwa hapo juu: kesho yake chupa ikiwa bado kwenye friji, jina linamkanusha mwenye duka mbele ya mteja.

La nne ni jina la mama mwanzilishi wa kikundi. Majina ya watu hujenga imani haraka, kwa kuwa mteja anajua wa kumlalamikia. Duka la mtu mmoja linaweza kulitumia vizuri. Kwa kikundi, hatari ni mbili. Mama huyo akiondoka, je, jina linabaki au linaondoka naye? Na ikiwa jina lake ni la kawaida hapa pwani, wako wengine wengi wenye haki ya kulitumia.

La tano ni Alfajiri. Linagusa saa ya kukamua, linafaa maziwa na yogati, na kila mtu wa pwani analielewa. Lakini hapa hapa Diani jina hilo limejulikana kwa nyumba za wageni. Si bidhaa moja, ila mnunuzi wa hoteli anaweza kudhani maziwa yanatoka huko. Jina ambalo kazi yake ni kusema “haya ni yetu” halipaswi kuanza kwa kuelekeza kwa mwingine.

La sita ni Macheo. Neno hili lina maana ya kuchomoza kwa jua, na pia upande wa mashariki. Maana ya kwanza inagusa saa ya kukamua bila kuahidi siku fulani, kwa hiyo halimsumbui yogati wa wiki moja. Maana ya pili ni ya kweli kwa mahali: Mkwiro iko mashariki ya kisiwa, na anayetoka Wasini kijijini kwenda huko anaelekea macheo. Neno ni fupi, halina r na l zinazobadilishana katika vinywa vya baadhi ya wasemaji, na linatamkika kwa Mdigo, Mduruma, Mkamba na mgeni.

Hata hivyo Macheo lina dosari moja kubwa. Liko karibu mno na machweo, yaani kuzama kwa jua. Mtu akisikia vibaya kwenye simu, maziwa ya asubuhi yanageuka ya jioni. Picha ya jua kwenye lebo haitasaidia, kwa sababu jua linalochomoza na linalozama huchorwa sawa. Picha ya jogoo anayewika ingesaidia zaidi, kwa kuwa hakuna anayemhusisha jogoo na magharibi.

Kulipima jina masikioni mwa wateja

Majadiliano ya barazani hayatoshi kumaliza shaka hiyo. Kila mwanachama ana sababu ya kulipenda jina alilolitoa. Jina lipelekwe kwa watu ambao hawakuwepo kwenye kikao: watatu kwenye gati la Shimoni, watatu sokoni Msambweni, na wanne madukani Ukunda. Kumi wanatosha kwa kazi hii, alimradi wasiwe jamaa wa kikundi.

Wasiulizwe kama wanalipenda. Mtu mwenye adabu atajibu “zuri” kwa kila jina. Wafanyiwe mambo matatu. Kwanza, watamkiwe jina mara moja tu, ikiwezekana kwa simu, kisha waombwe waliandike. Pili, waulizwe wanadhani kinachouzwa kwa jina hilo ni nini, na kimetoka wapi. Tatu, waulizwe tena kesho yake bila kukumbushwa: jana uliambiwa jina gani?

Majibu yahesabiwe kwa uaminifu. Kikundi kijiwekee mpaka kabla ya kuanza, kwa mfano kwamba wawili kati ya kumi wakiandika Machweo, bado jina linarekebishika kwa jogoo na maneno ya chini yake; wakiwa watatu au zaidi, linaachwa. Mpaka ukiwekwa baada ya kupata majibu, kila mtu atauvuta upande wake. Swali la pili nalo lisipuuzwe. Wengi wakijibu kwamba Macheo ni sabuni au ni hoteli, si lazima jina life, lakini neno “maziwa” au “yogati” litapaswa kuandikwa kubwa kando yake kwa miaka ya mwanzo.

Jina ambalo sheria inaweza kulilinda

Hapa ndipo wengi hukosea. Kusajili jina la biashara kupitia eCitizen ni jambo moja, na kusajili alama ya biashara ni jambo jingine. La kwanza linamtambulisha anayefanya biashara. La pili ndilo linalompa mwenye jina haki ya kumzuia mwingine kulitumia kwenye bidhaa ya aina moja. Kazi hiyo ya pili iko chini ya taasisi ya serikali iitwayo KIPI, kwa mujibu wa Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506.

Kifungu cha 12 cha sheria hiyo kinayakubali kwa urahisi maneno yaliyobuniwa, na pia maneno yasiyotaja moja kwa moja sifa au ubora wa bidhaa, ambayo kwa maana yake ya kawaida si jina la mahali wala jina la ukoo. Sababu yake ni ya haki. Kama mtu mmoja angemiliki neno “freshi” kwa maziwa, au “Mkwiro”, wengine wangekosa namna ya kusema ukweli kuhusu bidhaa zao. Neno linaloeleza bidhaa linaweza kukubaliwa baadaye, likiwa limetumika kwa muda hadi wateja wakalitambua kuwa ni la mtu fulani, lakini ushahidi wake ni mzigo kwa kikundi kidogo.

Kwa hiyo msindikaji anakutana na fumbo. Maneno yanayomwambia mteja “ni freshi, ni ya hapa” kwa uwazi zaidi ndiyo yasiyoweza kumilikiwa kirahisi. Njia ya kulitatua ni kuyagawa maneno hayo mahali pawili. Jina la chapa liwe neno linalogusa ubichi na mahali kwa mbali, kama Macheo. Maneno ya wazi yaandikwe chini yake kama maelezo: “Maziwa freshi ya ng'ombe, yaliyosindikwa Mkwiro, Kisiwa cha Wasini.” La juu ni la kikundi, ya chini ni ya wote, na hakuna haja ya kuyagombea.

Kabla ya kuomba usajili, kikundi kiiombe KIPI itafute kwenye daftari lake kama kuna jina linalofanana. Fomu ya ombi hilo ni TM27. Maziwa na yogati viko pamoja katika kundi la 29 la bidhaa, kwa hiyo utafutaji na ombi la kundi moja vinatosha kwa zote mbili. Utafutaji ukitoka safi, ombi lenyewe huwekwa kwa fomu TM2. Likikubaliwa hutangazwa, na yeyote mwenye pingamizi ana siku 60. Alama ikisajiliwa inalindwa kwa miaka 10, nayo inaweza kuhuishwa tena na tena.

Jambo muhimu ni kwamba kinachotafutwa si jina lililo sawa herufi kwa herufi pekee. Jina linalokaribiana kwa sauti au kwa sura linaweza kuzuia ombi pia. Ndiyo maana ni busara kupeleka majina mawili, la kwanza na la akiba, na kutochapisha lebo hata moja kabla majibu hayajarudi. Macheo katika somo hili ni mfano tu. Likishakuwa la mtu mwingine katika kundi la 29, uzuri wake wote haumsaidii yeyote Mkwiro.

Wanachama pia waamue mapema alama itasajiliwa kwa nani. Ikiandikwa kwa jina la mwenyekiti kwa sababu ndiye aliyekuwa na nafasi ya kwenda Nairobi, siku ya mgogoro jina litakuwa lake. Kikundi chenye usajili unaokiwezesha kumiliki mali, kama ushirika au kampuni, kiandikishe alama kwa jina lake chenyewe.

Lebo inayolithibitisha jina

Jina likishapita, lebo ndiyo inayoonyesha kwamba halisemi uongo. Mteja anayeuliza “ni ya lini?” anajibiwa kwa tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa kutumika, zilizochapwa mahali panapoonekana na kwa wino usiofutika kwa unyevu wa barafu. Wino wa kalamu kwenye chupa inayotoka jasho hudumu safari moja ya boti. Nambari ya fungu nayo ni muhimu: maziwa ya siku moja yakipatikana na kasoro, kikundi kiweze kuyarudisha hayo tu, bila kuvuruga yaliyo mema.

Mteja anayeuliza “ni ya nani?” anajibiwa kwa jina na anwani ya msindikaji. Hapa kikundi cha Mkwiro kina uamuzi wa kufanya. Sehemu ya maziwa yake inatoka bara. Kikiandika “maziwa ya ng'ombe wa Mkwiro”, kimedanganya, na sheria za chakula na za kumlinda mlaji zinakataza lebo inayopotosha. Kikiandika “yaliyosindikwa Mkwiro kwa maziwa ya wafugaji wa Kwale”, kimesema kweli na hakijapoteza kitu. Kwenye kijiji ambacho kila mtu anajua idadi ya ng'ombe wa jirani yake, uongo wa aina hiyo haumalizi wiki.

Ukweli huo uingie pia ndani ya kikombe. Baadhi ya watengenezaji hulizidisha unene wa yogati kwa jelatini, ambayo hutokana na wanyama. Hapa pwani swali la kwanza litakuwa jelatini hiyo imetoka kwa mnyama gani na amechinjwaje. Kikundi kikiweza kupata unene kwa maziwa mazito na joto lililodhibitiwa bila jelatini, kiandike hivyo kwenye lebo. Kikiitumia, kiitaje kwenye orodha ya viambato na kiwe na jibu la chanzo chake. Jina linalotegemea imani ya wenyeji haliwezi kuwa na siri kwenye viambato.

Alama ya ubora ya KEBS huwekwa tu baada ya kupata kibali, na kila kibali kina nambari yake. Mkazi yeyote anaweza kuihakiki kwa kutuma ujumbe wa simu wenye herufi `SM#` zikifuatwa na nambari hiyo kwenda 20023. Vivyo hivyo alama ® isiwekwe kando ya jina kabla ya usajili wa KIPI kukamilika. Kudai alama imesajiliwa ilhali haijasajiliwa ni kosa. Leseni ya Bodi ya Maziwa ya Kenya na cheti cha afya ya umma cha kaunti vitangulie chupa ya kwanza kuuzwa.

Kinacholiharibu jina

Jina la maziwa huharibikia njiani mara nyingi kuliko kiwandani. Chupa ikitoka Mkwiro ikiwa na baridi, ikakaa juani kwenye gati la Shimoni ikisubiri gari, kisha mwenye duka akazima friji usiku ili kupunguza umeme, mteja atakayeipata imeganda hatamlaumu dereva wala mwenye duka. Atalaumu Macheo. Kwa hiyo kikundi kichague maduka machache yenye friji inayofanya kazi, kiweke kipimajoto ndani yake, na mpelekaji akisome kila anapofika. Kikionyesha juu ya nyuzi 8 mara mbili mfululizo, duka hilo lisiletewe maziwa hadi litengeneze.

Chupa zilizopita tarehe zirudishwe na mpelekaji mwenyewe, na kikundi kibebe hasara yake. Mwenye duka akiachiwa hasara hiyo, atazisukuma mbele ya friji na kuziuza. Kikundi kikijua kwamba kila chupa iliyobaki inarudi kwake, kitapeleka chupa 12 mahali zinapouzwa 12, badala ya 20.

Maafisa wa mifugo wa wadi hutoa ushauri wa usafi wa kukamua na upimaji wa maziwa, na vituo vya Huduma huelekeza kuhusu usajili wa biashara. Kikundi kinachotaka kuanza kiende na karatasi tatu mkononi: safari ya maziwa yake saa kwa saa, majina mawili yaliyopimwa kwa watu kumi, na rasimu ya maneno yatakayokaa chini ya jina. Mwenye karatasi hizo tatu atakuwa ameshaona, kabla ya kulipa chochote, kama jina lake na maziwa yake vinasema jambo moja.